Kujaza Mapengo ya Mazungumzo kwa "Shall", "Will", "Would" na "Could": Jibu Lisomwe Kwanza

Katika makala haya tunakusudia kuzungumzia sehemu moja tu ya somo la Kiingereza katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, nayo ni zoezi la kujaza mapengo katika mazungumzo ya watu wawili au watatu, ambamo mwanafunzi hutakiwa kuchagua mojawapo ya vitenzi visaidizi vinne: "shall", "will", "would" na "could". Tumelichagua zoezi hili kwa sababu ni jepesi kulitunga na ni gumu kulisahihisha kwa haki. Sisi wenyewe tuliwahi kukosea, na yafaa tuanze na kosa letu.

Tulipokuwa tukikagua mazoezi ya kufundisha katika shule moja ya mkoa wa Simiyu, mwalimu mwanafunzi alitumia zoezi tulilolitunga sisi chuoni, pamoja na majibu tuliyomwandalia. Swali mojawapo lilikuwa hili: "_____ you lend me your pen, please?" Jibu letu lilikuwa "Would". Mtoto mmoja wa darasa la sita akaandika "Could". Mwalimu mwanafunzi, akifuata karatasi yetu kwa uaminifu, akamtilia alama ya kosa. Mtoto hakubisha. Ila katika zoezi la siku ya pili tulikuta ameandika "Would" katika kila pengo, hata hapa: "Would I carry the basket for you?" Jibu lake la kwanza lilikuwa sahihi, nasi tukamfundisha kulikimbia. La pili lilikuwa kosa, na lilitokana na usahihishaji wetu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza swali moja: mwanafunzi aangalie nini ndani ya mazungumzo ili ajue kitenzi kinachofaa? Jibu tulilolipata lina sehemu mbili. Kwanza, atambue tendo linalofanywa na msemaji. Pili, asome jibu la mwenzake kabla ya kujaza pengo.

MATENDO MATATU

Vitenzi hivi vinne tunavyovizungumzia hutumika kufanyia matendo matatu. La kwanza ni kujitolea: msemaji yuko tayari kumfanyia mwenzake jambo au kumpa kitu. La pili ni kupendekeza: msemaji anataka yeye na mwenzake wafanye jambo pamoja. La tatu ni kuomba: msemaji anataka mwenzake amfanyie jambo, ampe kitu au amruhusu.

Mwanafunzi wetu anayajua matendo haya kabla hajaingia darasani, kwani lugha ya Kiswahili inayatenganisha kwa umbo moja jepesi, yaani kitenzi kinachoishia na -e. Tutazame mifano mitatu: "Nikubebee?" "Tupumzike?" "Unipimie, tafadhali." Katika kila mmoja, silabi ya kwanza inamtaja mtendaji. Ni- ni mimi, nami ninajitolea. Tu- ni sisi, nasi tunapendekezeana. U- ni wewe, nawe unaombwa. Sasa tuweke Kiingereza mbele ya kila mmoja: "Shall I carry it for you?" "Shall we rest?" "Could you weigh it for me, please?"

Hapa mwalimu aone chanzo cha kosa moja la kawaida. Mwanafunzi amefundishwa kwamba "shall" na "will" ni alama za wakati ujao, sawa na -ta- ya Kiswahili. Katika "Nikubebee?" hakuna -ta-. Kwa hiyo, anapotaka kujitolea, haioni sababu ya kutumia "shall", naye husema "I carry for you?" Vivyo hivyo, asikiapo "Will you open the door?" hufasiri "Utafungua mlango?" na huenda akajibu kwamba atafungua baadaye, hali ameombwa afungue sasa. Dawa yake si kurudia kanuni ya wakati ujao. Dawa ni kumwonyesha kwamba "Shall I" na "Shall we" zinapoulizwa hivi husimama mahali pa ni- na tu- zenye -e mwishoni, na kwamba "Will you" yaweza kuwa ombi la papo hapo.

"WOULD" NA "COULD" SI WAKATI ULIOPITA

Kosa la pili hutokana na jedwali la vitenzi. Mwanafunzi amekariri kwamba "could" ni "can" ya jana. Basi, akiambiwa "Could you open the window?" hufikiri anaulizwa kama aliweza kufungua dirisha. Mwalimu akimwambia tu kwamba "could" ni ya heshima, mtoto hukubali bila kuelewa.

Yafaa tumkumbushe namna anavyoomba ruhusa kwa mwalimu wake. Wengi husema, "Mwalimu, nilikuwa naomba ruhusa." Je, aliomba jana? La, anaomba sasa. Umbo la wakati uliopita limelegeza ombi ili lisimgonge mkubwa usoni. "Could" inafanya kazi hiyo hiyo katika Kiingereza. Tena mtoto huyo anamsikia mama yake akimwambia mgeni, "Ungependa chai?" wala hasemi "Unapenda chai?" Ile -nge- ndiyo ndugu wa "would". "Do you like tea?" huuliza tabia, na aliyejibu "Yes, I do" huenda asiletewe kikombe. "Would you like some tea?" humkaribisha mtu chai iliyopo, na jibu lake ni "Yes, please" au "No, thank you".

Kwa mintarafu ya heshima, Kiswahili huibeba katika shikamoo, katika naomba na tafadhali, na katika majina kama bibi, mzee na mwalimu. Kiingereza nacho kina "please" na "sir", lakini sehemu kubwa ya mzigo huo hubebwa na kitenzi kisaidizi. Ndiyo maana "Will you sit down?" ikielekezwa kwa mtu mzima, hasa bila "please", yaweza kusikika kama amri ya mtu aliyechoka kungoja. Mtoto anapomwomba mkubwa, tumzoeze "Could you" au "Would you".

MAZUNGUMZO YA KUFANYIA KAZI

Tuchukue mazungumzo tuliyoyatunga kwa ajili ya watoto wa Ngulyati, katika wilaya ya Bariadi. Pamba ni zao la biashara la mkoa huu, na mtoto wa huko hahitaji kuelezwa gunia la pamba ni nini wala kwa nini mizani hutazamwa kwa makini. Bibi na mjukuu wake wanapeleka pamba kupimwa.

Mjukuu: That sack is heavy, Grandmother. (1) _____ I carry it for you?
Bibi: Yes, please.
Mjukuu: It is very hot today. (2) _____ we rest under that tree?
Bibi: Yes, let's. We have time.
Mjukuu: (3) _____ you like some water?
Bibi: No, thank you. I am not thirsty.
Mjukuu: Good morning, sir. (4) _____ you weigh this cotton for us, please?
Mpimaji: Certainly. Put it on the scale.
Mjukuu: (5) _____ I see the number, please?
Mpimaji: Of course. Come closer.
Bibi: I can't read it. I left my glasses at home.
Mjukuu: Don't worry, Grandmother. I (6) _____ read it for you. It is twelve kilos.

Tuyapitie mapengo haya moja moja, kwa kuanzia na jibu.

Katika pengo la 1, bibi anajibu "Yes, please". Maneno haya husemwa na mtu anayekubali kusaidiwa au kupewa kitu. Basi mjukuu amejitolea. Mtendaji ni "I", na jibu ni "Shall". Mwanafunzi akiandika "Will", tumweleze kwamba katika Kiingereza tunachokifundisha shuleni "Will I carry it?" huuliza yatakayotokea, kama vile mjukuu hajui kesho yake. Akiandika "Would", tumwulize nani anayebeba.

Katika pengo la 2, bibi anasema "Yes, let's". Ndani ya "let's" mna "us", yaani sisi. Hilo ni pendekezo, nalo linataka "Shall". Iwapo mwanafunzi ataandika "Could we rest", sentensi si mbovu. Ila hapo mjukuu anakuwa kama anamwomba bibi ruhusa, na jibu la kawaida lingekuwa "Yes, of course". Tumwonyeshe jibu lililoandikwa, tumwache aamue mwenyewe lipi linalolandana nalo.

Pengo la 3 halina shaka. Baada ya pengo kuna "you like some water", na kati ya vitenzi vinne ni "Would" pekee inayokaa vizuri hapo. Mtendaji wa "like" ni bibi, lakini anayetoa maji ni mjukuu. Kwa hiyo tendo hili ni la kujitolea ingawa sentensi ina "you". Mwalimu alieleze kama fungu zima, "Would you like", wala asilikate vipande.

Pengo la 4 ndilo lililotukwaza sisi. Jibu "Certainly" linaonyesha kwamba mpimaji ameombwa naye amekubali. Mtendaji ni "you". "Could" ni sahihi. "Would" ni sahihi. "Will" nayo si kosa la sarufi, ila kwa mtoto anayesema na mtu mzima asiyemjua, mbili za kwanza zinafaa zaidi. "Shall" pekee ndiyo inayokataliwa, kwa kuwa hatumwombi mtu kwa "Shall you". Mwalimu anayekubali neno moja tu hapa anamdhulumu mwanafunzi.

Pengo la 5 lina mtego mzuri. Mtendaji ni "I" kama katika pengo la 1, na hata Kiswahili kingetumia ni- mara zote mbili: "Nikubebee?" na "Naomba nione." Ikiwa mwanafunzi ametegemea mtendaji peke yake, ataandika "Shall I see the number?" Hapo ndipo aulizwe swali la pili: ni nani anayefaidika? Katika pengo la 1 mjukuu anajitwika mzigo kwa faida ya bibi. Katika pengo la 5 mjukuu anataka kitu kwa faida yake na ya bibi yake, na mpimaji ndiye mwenye kuruhusu. Hilo ni ombi. Jibu lathibitisha: mpimaji hakusema "Yes, please", bali "Of course". Basi hapa ni "Could". Kama mwalimu ana muda wa kufundisha jambo moja tu katika kipindi, afundishe tofauti ya pengo la 1 na la 5.

Pengo la 6 si swali. Bibi hawezi kusoma, na mjukuu anaamua pale pale kumsomea. Uamuzi wa papo hapo wa kumsaidia mtu husemwa kwa "will", na katika mazungumzo hufupishwa kuwa "I'll". Baadhi ya wanafunzi wataandika "shall", nayo hukubalika katika Kiingereza cha Uingereza baada ya "I" na "we". Tusiwatilie kosa. Wengine wataandika "could". Hilo huonyesha uwezekano tu, nalo ni legevu mahali hapa, kwani mjukuu ameshasema "Don't worry" na palepale anasoma. Linafaa kujadiliwa darasani, lisipitiwe kwa kalamu nyekundu bila maelezo.

MPANGO WA KIPINDI

Zoezi hili laweza kufundishwa katika kipindi kimoja cha dakika 40, kwa ubao na chaki tu. Katika andalio la somo tunapendekeza mfuatano ufuatao.

Dakika 5 za kwanza, mwalimu awaite watoto wawili mbele. Mmoja ashike ndoo au furushi la vitabu, mwingine ajitolee kumsaidia kwa Kiswahili. Kisha wapendekezeane jambo, kisha waombane kitu. Darasa litaje kila mara: amejitolea, amependekeza, au ameomba. Kiingereza bado hakijaingia, nasi hatuna haraka, kwa sababu mtoto asiyelitambua tendo hawezi kulichagulia neno.

Dakika 10 zinazofuata, watoto wale wale warudie matendo yao kwa Kiingereza. Mwalimu aseme sentensi kwanza, darasa zima liitikie, kisha safu moja iseme na nyingine ijibu. Majibu yafundishwe pamoja na maswali: "Yes, please" na "No, thank you" kwa aliyekaribishwa, "Yes, let's" na "Good idea" kwa aliyependekezewa, "Certainly", "Of course" na "I'm sorry, I can't" kwa aliyeombwa. Mwanafunzi asiachwe ajibu ombi kwa "Yes, I could". Jibu hilo hutokana na mazoea ya maswali ya "Do you" na "Can you", na hulifanya ombi lionekane kama swali la uwezo.

Dakika 10 za tatu, mwalimu aandike mazungumzo ubaoni na kuzifunika sentensi zenye mapengo kwa karatasi au kwa nguo. Yaonekane majibu tu. Wanafunzi wasome "Yes, please" na kukisia: huyu ameambiwa nini? Wakisha kukisia kwamba kuna aliyejitolea, mwalimu afunue. Hatua hii ndiyo moyo wa somo. Bila hiyo, wengi husoma mpaka kwenye pengo, hujaza, kisha hupita bila kuyatazama maneno yanayofuata.

Dakika 10 za nne, wafanye kazi wawili wawili daftarini. Mwalimu azunguke na kusikiliza. Asiulize tu, "Jibu ni lipi?" Aulize, "Umejuaje?" Mwanafunzi aliyeandika neno sahihi lakini hawezi kutaja tendo wala jibu lililomwongoza, bado anabahatisha. Dakika 5 za mwisho ni za kusahihisha kwa pamoja, na kila jibu lipokelewe pamoja na sababu yake.

KUTUNGA SWALI LISILODHULUMU

Imebaki kazi ya mwalimu mwenyewe, yaani kutunga maswali mapya. Kabla ya kuandika swali ubaoni, alijaribu kwa kumpa mwalimu mwenzake alijaze bila kumwonyesha jibu. Wakitofautiana, na wote wawili wakawa wamesema Kiingereza kizuri, kasoro iko katika swali.

Swali la namna hiyo laweza kutengenezwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuongeza jibu la mwenzake pale ambapo halikuwepo, ili tendo lijulikane. "_____ we go to the well?" peke yake laweza kuwa pendekezo au ombi la ruhusa; likifuatwa na "Good idea", linaelekea kwenye "Shall". Njia ya pili ni kupunguza machaguo. Badala ya kutoa maneno manne, mwalimu atoe mawili ambayo moja tu linafaa: kwa "_____ you help me, please?" atoe "Shall" na "Could", asitoe "Would" na "Could". Kwa njia hiyo anapima kama mtoto anaijua tofauti ya kujitolea na kuomba, ambayo ndiyo shabaha yake.

Ikiwa njia zote mbili hazifai, karatasi ya majibu iandikwe maneno yote yanayokubalika. Yetu ya siku ile ilikuwa na neno moja. Tuliporudi shuleni kwa ukaguzi uliofuata, tulimwomba mwalimu mwanafunzi ampe mtoto yule alama yake na kumweleza mbele ya wenzake kwamba alikuwa amesema vizuri. Mtoto akauliza kama anaweza kuandika "Could" tena. Tukamwambia aandike, ila kwanza atazame aliyeulizwa amejibu nini.